Jinsi ya kughairi usajili unaokatwa kupitia Google Play

Shemeji yangu alijaribu programu ya kujifunza Kifaransa, siku 7 za bure. Haikumpendeza, akaifuta kwenye simu na kuisahau. Baadaye ukaingia ujumbe wa benki: amekatwa hela. Akaenda kwenye tovuti ya kampuni, pa kughairi hapaoni. Akawaandikia, wakamjibu kwamba kwao hakuna kadi yake.

Walisema kweli. Ukijisajili ndani ya programu kwenye Android, kwa kawaida anayekata hela ni Google, na pa kughairi ni Google Play. Kufuta programu hakusimamishi makato.

Anza na barua pepe, si na simu. Tafuta risiti ya Google Play; namba yake ya oda huanza na GPA. Anwani iliyopokea risiti hiyo ndiyo akaunti yenye usajili. Hapa ndipo shemeji alipokwama: Play yake ilikuwa imefunguka kwa Gmail ya kazini, orodha tupu, kumbe alijisajili kwa ile ya zamani.

Sasa fungua Google Play, gusa picha yako juu kulia na uhakikishe ni akaunti yenyewe. Ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, chagua programu, halafu gusa `Cancel subscription`. Utaulizwa sababu. Chagua yoyote, hakuna anayekusahihisha, uendelee mpaka uthibitishe kwa kugusa tena `Cancel subscription`. Wengi huishia kwenye ukurasa wa sababu wakidhani wamemaliza. Ukiletewa pendekezo la kusitisha malipo kwa muda, lipite. Muda ukiisha makato yanarudi. Kama simu imepotea, tumia kompyuta:

```
play.google.com/store/account/subscriptions
```

(Wa iPhone: `Settings`, jina lako, `Subscriptions`. Ghairi angalau saa 24 kabla ya siku ya kukatwa.)

Rudi kwenye orodha ukague. Badala ya tarehe ya malipo yajayo utaona tarehe ya mwisho wa usajili, na barua pepe ya uthibitisho itakuja. Programu ikiendelea kufanya kazi usishtuke, kipindi ulichokwisha lipia ni chako mpaka kiishe.

Hela iliyokwisha katwa ni ombi jingine kabisa, kughairi hakuirudishi. Kama hazijapita saa 48, omba kwa Google Play. Zikipita, wa kumwandikia ni mtengenezaji wa programu, na uamuzi ni wake. Shemeji alikuwa siku ya tano, kwa hiyo akawarudia wale wale wa kwanza. Safari hii hakutaja jina wala kadi, aliwapa namba ya GPA, tarehe na kiasi. Ndipo wakamwona kwenye mfumo wao.