Jinsi ya kutambua kitenge cha waksi halisi kwa picha

Picha moja ya kitenge kilichokunjwa vizuri haitoshi kuamua lolote. Mwombe muuzaji picha tatu zilizopigwa kwa mwanga wa mchana, azitume kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida, programu za ujumbe huzibana na kufuta mistari myembamba, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Hatua ya 1: pande zote mbili ndani ya picha moja. Akunje kona ili nje na ndani vikae bega kwa bega. Usikubali picha mbili tofauti, maana mwanga hubadilika. Waksi halisi hupakwa utomvu wa moto pande zote mbili za pamba, kisha hutiwa kwenye rangi. Palipo na utomvu, rangi haishiki. Ndiyo maana ndani hukolea karibu sawa na nje. Cha kuiga kwa kawaida huchapwa upande mmoja tu, na nyuma yake hufifia. Lakini vipo vya kuiga vinavyochapwa pande mbili, kwa hiyo usiishie hapa.

Hatua ya 2: ua lilelile mara mbili. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Picha ionyeshe sehemu ambayo mchoro unajirudia. Utomvu uliokauka hupasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Nyufa hazipasuki sawa mara mbili.

Tuseme ni ndege wa njano juu ya buluu. Kwa ndege wa kwanza, mshipa unaanzia chini ya bawa, unagawanyika kama herufi Y, kisha unaishia mkiani. Kuza picha, mtazame ndege wa pili. Ukiikuta Y ileile, mahali palepale, mishipa hiyo imechorwa na mashine: ni cha kuiga.

Sasa angalia ukingo wa ile njano. Kwenye halisi, rangi za nyongeza huwekwa baadaye, na mara nyingi hutoka kidogo nje ya mstari au kuacha uwazi mweupe, tena kwa kiasi tofauti kwa kila ndege. Rangi iliyokaa sawasawa kabisa kila mahali, au iliyohama upande uleule kwa kipimo kilekile, inatia shaka.

Hatua ya 3: maandishi ya pembeni. Nayaweka mwisho kwa makusudi. Maneno kama GUARANTEED DUTCH WAX VLISCO hunakiliwa kirahisi, na REAL WAX peke yake haithibitishi kitu. Soma herufi moja moja kutafuta jina lililobadilishwa kidogo, kisha tazama ukingo uliogeuzwa: kwenye halisi maandishi yanaonekana kinyumenyume lakini yamekolea. Yakiwa ya kuvutia huku mishipa ya hatua ya 2 inajirudia, amini mishipa.