Somo: Kusimamisha sanamu kwa mguu mmoja (kontraposto), na kwa nini yako inachechemea

Naandika hili mara moja, ili nikiulizwa tena "mbona sanamu yangu imesimama kama mlingoti wa bendera" nibandike kiungo na kuendelea na kazi zangu.

Kontraposto ni neno la Kiitaliano, maana yake kilichowekwa kinyume. Uzito unakaa mguu mmoja, mwingine unalegea, na mwili wote juu yake unajipanga upya. Tutamfuata Mbeba Mkuki wa Polikleito, Mgiriki aliyemsubu kwa shaba nyeusi karibu mwaka 440 KK. Wa asili alipotea. Tulichonacho ni nakala za Kirumi, na iliyo maarufu zaidi ni ya marumaru, ilipatikana Pompei na sasa iko makumbusho ya Napoli. Tafuta picha zake za mbele, nyuma na ubavuni. Nikisema kulia, ni kulia kwa sanamu, si kwako unayeitazama.

1. Simama mwenyewe kama mtu aliyechoka kusubiri daladala. Uzito wote mguu wa kulia. Shika nyonga zako pembeni: ya kulia imekuwa ngumu na imetokeza nje, ya kushoto imelegea.

2. Funga kiunzi cha waya cha sentimita 40 na ukikaze kwenye ubao.

3. Mguu wa kulia wima. Wa kushoto kunja goti, uuweke nyuma kidogo, kisigino kiwe juu.

4. Nyonga. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Sanamu yangu ya kwanza ya mteja ilikuwa kijana aliyesimama. Nilijua nyonga ya mguu uliobeba uzito huwa juu, basi nikaipandisha, nikajaza udongo, nikaridhika. Kila aliyepita aliuliza kama huyo kijana ana mguu mbovu. Nikadhani waya ni dhaifu, nikaongeza wa pili. Wapi! Siku ya tatu nikafunga nati kwenye uzi, nikauning'iniza kutoka kwenye kishimo cha koo. Uzi ukatua katikati ya nyayo mbili. Nilikuwa nimeinamisha nyonga bila kuzihamisha. Juu mwili unasema "nimeegemea kulia," chini miguu inasema "tumegawana sawa." Jicho la mtu linaukamata uongo huo haraka, hata kama hawezi kuutaja.

Kwa hiyo kwanza hamisha nyonga zote mbili kwenda upande wa kulia, ndipo uziinamishe kushoto. Timazi kutoka kishimo cha koo itue kwenye kifundo cha mguu wa kulia, upande wa ndani. Ikitua kati ya miguu, rudi nyuma. Usiendelee na kifua ukidhani utarekebisha baadaye, mimi nilidhani hivyo.

Kosa la pili huzaliwa na la kwanza. Nyonga ya kushoto ikishuka, mguu wa kushoto unakosa nafasi, na ndiyo maana goti linakunjika. Ukiuacha umenyooka, itakubidi uufupishe kwa siri, na watu wengi hufanya hivyo bila kujua. Pima kwa uzi: nyonga hadi goti, kisha goti hadi kifundo. Miguu yote miwili itoe vipimo vilevile.

Tena usizidishe. Kwa sanamu ya sentimita 40, tofauti ya sentimita moja kati ya nyonga mbili inatosha. Ukifika mbili umeshamchezesha ngoma.

5. Uti wa mgongo unajipinda ili kukirudisha kifua juu ya mguu wa kulia. Ubavu wa kulia unabanwa, wa kushoto unanyooka. Mstari unaopita kitovuni nao upinde, usiuchore kwa rula.

6. Bega la kulia lishuke, la kushoto lipande. Kisha mikono: kwa Polikleito mkono wa kushoto ndio ulioshika mkuki na wa kulia umening'inia. Yaani mguu unaofanya kazi ni wa kulia, mkono unaofanya kazi ni wa kushoto. Kazi na pumziko vinakatizana mwilini kama herufi X.

7. Kichwa geuza kulia kidogo. Basi.

---

UdongoMbichi: Mkuu mimi nimetanguliza mguu mmoja mbele, hiyo tayari ni kontraposto?

Mwandishi: Hapana. Vijana wa marumaru wa Ugiriki ya kale walitanguliza mguu wa kushoto kwa miaka mia na zaidi huku nyonga zikiwa sawasawa. Rudi hatua ya 4.

Fundi_wa_Pwani: Kwa kifupi si ni kushusha bega tu?

Mwandishi: Kwa kifupi, hapana.

Fundi_wa_Pwani: Usikasirike kaka, nimeuliza tu.

Mwandishi: Sijakasirika. Nimeandika aya nne kuhusu nyonga, wewe umeuliza bega.

BintiMchongaji: Shikamoo mwalimu. Nimeona wanasema kijana wa Kritio ndiye wa mwanzo, lakini nikimtazama bado namwona mkavu. Ni macho yangu?

Mwandishi: Marahaba binti, macho yako ni mazuri. Huyo ni wa karibu mwaka 480 KK, yuko Makumbusho ya Akropoli, Athene. Uzito wake uko mguu wa kushoto, nyonga ya kushoto imepanda, goti la kulia limekunjika. Sasa panda juu: mabega yamebaki karibu sawa. Habari ya uzito imeishia kiunoni, haijafika kifuani. Polikleito ndiye aliyeifikisha mpaka shingoni, na hapo ndipo ukavu ulipoisha.

BintiMchongaji: Na mtu akivaa nguo ndefu, nyonga haionekani, tunafanyaje?

Mwandishi: Swali hili nililingoja. Mtazame Mtakatifu Marko wa Donatello, Firenze, 1411 hadi 1413. Kwenye mguu uliobeba, mikunjo ya kitambaa inashuka wima kama mifereji ya nguzo. Kwenye mguu uliolegea, goti linaisukuma nguo na mikunjo inavunjika. Halafu tazama chini: amesimama juu ya mto, na mto umebonyea. Waliolipia walikuwa chama cha wafanyabiashara wa kitani, wasingekubali kitambaa cha ovyo.

Nyundo77: Kwa nini ile ya Napoli ina kisiki cha mti mguuni? Inaharibu.

Mwandishi: Ni nakala. Shaba ina uwazi ndani na haivunjiki kirahisi ikipindwa, kwa hiyo yaelekea ya asili haikuhitaji kisiki. Marumaru hubeba mzigo mkubwa ikikandamizwa lakini ikivutwa hukatika, na ukiuweka mwili wote juu ya mguu mmoja, kifundo ndicho kinachoteseka. Kuna hata kipande kidogo cha kushikiza mkono wa kulia. Daudi wa Mikelanjelo (1501 hadi 1504, mita 5.17) naye ana kisiki nyuma ya mguu wa kulia, na bado ana nyufa ndogondogo sehemu za vifundo. Daudi wa shaba wa Donatello hana kisiki. Mguu wake wa kushoto umekanyaga kichwa cha Goliathi, uzito uko wa kulia.

Nyundo77: Kumbe! Basi nikichonga mti?

Mwandishi: Fuata nyuzi za mti. Mguu uliobeba uwe sambamba nazo. Zikikatiza kifundo, siku moja utaokota sanamu sakafuni.

UdongoMbichi: Nimerudi hatua ya 4, timazi imetua kifundoni! Ila udongo unapasuka kwenye waya.

Mwandishi: Hapo sawa, hongera. Udongo ukikauka hunywea, waya haunywei, lazima upasuke. Ifunike kwa kitambaa kibichi na mfuko wa plastiki kila usiku, kisha uitengenezee kalibu ya kusubia ingali mbichi. Na usiipeleke tanuruni na waya ndani.

Fundi_wa_Pwani: Nimepima miguu kwa uzi. Wa kushoto mfupi kwa nusu sentimita.

Mwandishi: Kunja goti zaidi, kisha urefushe.