Kabla ya kurekodi kurusha mkuki: fremu moja unayoitafuta

Mara ya kwanza nilipomrekodi binti wa kidato cha tatu akirusha mkuki wa gramu 500, nilirudi nyumbani na mirusho kumi na mbili, na hakuna hata mmoja uliokuwa na picha niliyoihitaji. Nilitaka kuisimamisha video pale mguu wake wa kushoto unapokanyaga mwisho, kabla mkono haujaja mbele. Fremu moja ilionyesha mguu bado uko hewani, iliyofuata mkono umeshaanza kuja mbele. Kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimerekodi kwa fremu 30 kwa sekunde.

Ndiyo maana jambo la kwanza kuamua, kabla hata ya kuchaji simu, ni utasimamisha wapi. Kwa mrushaji wa daraja la juu, tangu mguu wa mbele ukanyage hadi mkuki utoke mkononi ni kama sehemu ya kumi ya sekunde na ushee. Kwa fremu 30 utapata picha tatu au nne za tendo hilo zima, tena hujui zitaangukia wapi. Kwa fremu 240 utapata karibu thelathini, na hapo una nafasi ya kuchagua. Basi ingia kwenye mpangilio wa simu, tafuta Slow Motion, uhakikishe imesoma 240, au angalau 120. Video ya 240 ikichezwa kwa 30 inakuwa ya polepole mara nane, na kila fremu ni picha halisi.

Usidanganyike kwamba utapunguza kasi baadaye kwenye programu ya kuhariri. Ukiipa video ya fremu 30, ama itarudia picha zilezile na video ionekane inakwama, ama itabuni picha za katikati. Hizo za kubuni ndizo mbaya zaidi kwa kocha, maana unamsahihisha mtoto kwa goti ambalo halikuwahi kukaa hivyo.

Fremu nyingi bila mwanga ni kazi bure. Mkuki wa mwanafunzi aliyezoea unaweza kutoka kwa mita 20 kwa sekunde. Shata ikikaa wazi sehemu ya 1/60 ya sekunde, ncha itakuwa imesogea sentimita 33 na mkono utaonekana kama moshi. Kwa 1/1000 ni sentimita 2 tu. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua, weka 1/1000. Kama hairuhusi, jua kali litailazimisha yenyewe. Jioni saa kumi na moja, chini ya mawingu, ahirisha. Rekodi mrusho mmoja wa majaribio, usimamishe papo hapo uwanjani, uangalie vidole vinavyoshika mkuki. Ukiviona vimeachana, endelea.

Sasa mahali pa kusimama. Mrushaji wa mkono wa kulia, katika hatua zake za mwisho za kupishanisha miguu, hugeuza kifua upande wa kulia. Kamera ikae upande huo, iuone mkono wote na mguu wa mbele bila mwili kuuziba. Njia ya kukimbilia ikielekea kaskazini, utakuwa mashariki, kwa hiyo rekodi asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako.

Mwache arushe mara mbili bila kurekodi, uweke koni pale mguu wa kushoto unapokanyaga. Kutoka hapo pima pembe mraba, kama fundi anavyopiga msingi: mita 3 kando ya njia, mita 4 kwenda nje, na kamba ya kuunganisha ncha hizo iwe mita 5 kamili. Endeleza ule mstari wa nje hadi mita 12, ndipo usimike stendi, simu ikiwa kimo cha nyonga zake. Wengi huruka hatua hii, kisha wanachora pembe za goti kwenye skrini. Kamera ikikaa mshazari, goti lililokunjika linaweza kuonekana limenyooka, na mstari wako wa njano utaupa uongo huo sura ya ushahidi.

Hakuna mtu anayekaa mbele ya mstari wa kurushia, awe mpiga picha au rafiki wa mpiga picha. Mkuki ukiponyoka mkononi hauna adabu. Wenye kusubiri zamu nao wakae nyuma, pia kwa sababu wakipita katikati ya picha wanaiharibu.

Vuta picha hadi upana wake uwe kama mita 6, kwa sababu mkuki wenyewe una zaidi ya mita 2. Funga fokasi na mwanga kwa kubonyeza na kushikilia skrini. Kisha mbandike mrushaji vipande vya plasta nyeupe kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu wa kushoto, na suruali ndefu ivuliwe. Ukija kuchora, utaunganisha nukta zilezile kila mara, hutakisia.

Mpango wa video yenyewe uandike kwenye karatasi kabla, kwani ndio utakaokuambia urekodi nini. Wangu ni huu: mrusho kwa kasi ya kawaida, mrusho uleule polepole, kusimama mguu unapokanyaga, kusimama mkuki unapotoka, mwisho kasi ya kawaida tena. Kila kituo ni sekunde nne. Sekunde ya kwanza haina alama yoyote, ili jicho la mwanafunzi litangulie kuona, halafu mstari unatokea: nyonga, goti, kifundo. Mstari huohuo unarudi kwenye kituo cha pili. Yule binti, tulipomrekodi upya, mstari ulikuwa umenyooka alipokanyaga, na ulikuwa umevunjika gotini mkuki ulipotoka. Mguu uliotakiwa kuwa breki ulikuwa unazama, na kasi ya mbio zake inaishia ardhini. Hakuhitaji duara, mshale wala maandishi. Aliutazama mara mbili, akasema, “Kumbe nakaa chini!”

Rangi iwe njano yenye ukingo mweusi. Nyekundu hupotea kwenye udongo mwekundu, na nyeupe hupotea kwenye anga. Kompyuta ikiwa ya Windows, programu ya Kinovea ni ya bure na ina kifaa cha mstari na cha pembe. Kwenye simu, programu yoyote ya kuhariri yenye kitufe cha Freeze inatosha.

Na mkuki ukionekana umepinda kama upinde kwenye fremu ya kutoka, usimlaumu mtu. Mkuki hutetemeka kweli, na tena simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kitu chenye kasi hupindishwa. Pima mguu, mkuki uache. Kamera ya pembeni pia haionyeshi kama kiwiko kimetanuka nje. Hilo hutazamwa kutoka nyuma, siku nyingine.

Julius Yego, aliyeshinda ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, alijifunza sehemu kubwa ya kazi yake kwa kutazama video za warushaji wengine mtandaoni. Yeye alichagua mwenyewe pa kusimamisha. Mwanafunzi wako anasimamia pale ulipomchagulia wewe, na mara nyingi kwenye simu ya mzazi. Ukimtumia kupitia WhatsApp, itume kama Document, si kama video ya kawaida, la sivyo itabanwa na ule mstari mwembamba wa gotini utafika umechakaa.