Punguza mwendo wa feni kabla ya kulalamikia bili

Feni ya kutoa moshi kwenye maegesho ya chini ya jengo letu, hapa Upper Hill, ilikuwa ikila kilowati 6 kwenye 50 Hz. Tuliishusha hadi 40 Hz kwa draivu, kifaa kinachobadili mwendo wa mota, mita ikasoma 3 na kidogo. Mlinzi alidhani imeharibika kwa jinsi ilivyonyamaza.

Mwendo ukishuka hadi asilimia 80, kama kutoka 50 Hz hadi 40, hewa nayo hushuka hadi 80. Lakini msukumo hushuka kwa mraba, hadi 64. Umeme hufuata hewa mara msukumo: 0.8 × 0.64 = 0.512, yaani karibu nusu.

Hesabu hiyo usiipeleke kichwakichwa kwenye pampu ya tangi la juu. Pampu yenye uwezo wa kusukuma maji mita 45 kwenye 50 Hz, ukiishusha hadi 40 hubaki na mita 28.8 tu. Tangi likiwa mita 30 juu, maji hayafiki ng'o! Pampu itazunguka bure, na ukigusa gamba lake utalikuta linazidi kupata moto.