Modeli ya mstari au logiti kwa jibu la ndiyo au hapana
Unapopima kama elimu ya mama huongeza uwezekano wa kaya kutumia chandarua, na uwezekano uliokadiriwa kwa kaya nyingi uko kati ya 0.2 na 0.8, modeli ya mstari inatosha, kwa sababu mkunjo wa logiti hapo unakaribia kunyooka. Kigawo cha 0.04 husomeka moja kwa moja: kila mwaka wa shule unaambatana na ongezeko la pointi 4 za asilimia. Tumia makosa sanifu imara, kwa Stata `vce(robust)`, maana mtawanyiko wa masalio hubadilika pamoja na uwezekano wenyewe. Kisha kagua makadirio. Yakishuka chini ya 0 au kupita 1 kwa kaya nyingi, kama inavyotokea tukio likiwa nadra, tumia logiti.