Vema tatu, mkasi mmoja: kusoma peni nyekundu kwenye picha ya daftari na kurudia hatua iliyokosewa tu

Wazazi wenzangu, juzi usiku dada yangu wa Mbagala alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la Hisabati la mwanawe, yuko darasa la sita. Chini yake kaandika: "Kaka, kakosa tena, nimwambie afute aanze upya?" Nikaikuza ile picha, nikamjibu asifute kitu. Mtoto alikuwa amekosa sehemu moja tu, na mwalimu alishamwonyesha ni wapi.

Swali na kazi yake ni hii. Namba za mistari nimeziweka mimi.

```
   40 − 6 × (9 − 5) + 48 ÷ 8
1) = 40 − 6 × 4 + 48 ÷ 8
2) = 40 − 6 × 4 + 6
3) = 40 − 24 + 6
4) = 40 − 30
5) = 10
```

Kwa peni nyekundu kulikuwa na vema kwenye mstari wa 1, wa 2 na wa 3. Kwenye mstari wa 3, "− 24" imezungushiwa duara, na kutoka kwenye duara mshale unashuka hadi kwenye 30. Jibu 10 lina mkasi. Pembeni kuna neno moja: "Alama!"

Hatua ya kwanza: pata picha inayosomeka

Picha ya kwanza ya dada ilikuwa kama nakala ya fotokopi, kwa sababu aliipitisha kwenye programu ya kuskani iliyoifanya nyeusi na nyeupe. Hapo wekundu wote ukapotea, na mshale wa mwalimu ukawa kama mtoto mwenyewe kakata kazi yake. Acha picha na rangi zake. Piga mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya daftari moja kwa moja, na kwenye WhatsApp chagua HD kabla ya kutuma.

Karatasi za madaftari yetu ni nyepesi, wino wa upande wa pili huonekana. Ukikuta vema hafifu yenye mkono mrefu unaoelekea kushoto, hiyo ni ya ukurasa wa nyuma, usiihesabu. Kuweka karatasi nyeusi chini ya ukurasa kabla ya kupiga kunaipunguza.

Hatua ya pili: soma kutoka juu, si kutoka kwenye mkasi

Macho yetu hukimbilia mkasi. Lakini mkasi uko kwenye jibu, na jibu ndilo la mwisho kuharibika. Shuka na vema moja moja hadi pale zinapoishia. Hapa zimeishia mstari wa 3, kwa hiyo mstari wa 3 ni mzima na kosa limetokea wakati mtoto anatoka wa 3 kwenda wa 4.

Duara ndilo lililomchanganya dada. Liko mstari wa 3, akadhani kosa liko hapo. Mstari hauwezi kuwa na vema na kosa kwa pamoja. Duara linaonyesha kitu ambacho mtoto hakukizingatia alipokuwa anaondoka, na mshale unaonyesha kilichotokea baadaye. Na lile neno "Alama!" dada alilisoma kama mwalimu analalamikia maksi. Mwalimu alimaanisha alama ya kutoa iliyo mbele ya 24. Kiswahili chetu nacho, neno moja kazi mbili.

Hatua ya tatu: jiulize mtoto alifikiri nini

Huyu hakubahatisha. Alifuata MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akaona JU inatangulia TO, akajumlisha 24 na 6 akapata 30, kisha akatoa. Kasahau kwamba 24 si ya kujumlishwa, ni ya kutolewa. Alama iliyo mbele ya namba hutembea na namba yake.

Mwambie hivi: una shilingi 40, unatoa 24, halafu unapewa 6. Mkononi una ngapi? Hakuna mtoto wa Dar aliyewahi kutumwa dukani atakayekujibu 10.

Hatua ya nne: rudia kuanzia mstari wa mwisho wenye vema

Asifute. Chini ya kazi aandike "Masahihisho", anakili mstari wa 3 kama ulivyo, aendelee:

```
= 40 − 24 + 6
= 16 + 6
= 22
```

Basi. Mabano, kugawanya na kuzidisha alishaviweza. Ukimrudisha juu, ataweza kukosea hata pale alipopatia, na ile sehemu ya kutoa na kujumlisha ataifikia amechoka.

Kuhakiki kuna njia moja ninayoipenda: kila mstari, ukiukokotoa peke yake, lazima utoe jibu lilelile. Mstari wa 1 unatoa 22, wa 2 pia, wa 3 pia. Wa 4 unatoa 10. Pale thamani inapobadilika ndipo penye kosa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Gongo la Mboto:* Mwalimu, shikamoo. Wa kwangu kawekewa mkasi mmoja tu chini, hakuna vema wala duara. Nitajuaje?

Marahaba mama. Darasa likiwa na watoto wengi, mwalimu huishia kwenye jibu. Tumia kile kipimo cha kukokotoa kila mstari. Ila ijaribu kalkuleta yako kwanza: bonyeza 2 + 3 × 4 =. Ikileta 14 inafaa. Ikileta 20, kama zile ndogo za dukani, inahesabu kwa mpangilio wa kubonyeza na itakudanganya.

*Baba wa Kigamboni:* Kwa hiyo MAGAZIJUTO ni uongo? Sisi tulifundishwa kujumlisha kwanza.

Si uongo, ndugu yangu. Unaweza kujumlisha kwanza, mradi ujumlishe zinazostahili. Kwenye 40 − 24 + 6, za kujumlisha ni 40 na 6: zinakuwa 46, toa 24, inabaki 22. Kosa ni kuichukua 24 ukaiacha alama yake.

*Dada wa Tandika:* Kosa likiwa juu kabisa, kwenye mabano, bado anarudia hatua moja?

Hapana. Tuseme aliandika 9 − 5 = 3. Mistari yote ya chini imerithi ile 3, hata kama njia yake ni sahihi. Atarekebisha mabano, kisha atapitisha namba mpya hadi chini: 6 × 4 badala ya 6 × 3. 48 ÷ 8 haiguswi, yenyewe haikurithi kitu.

*Mama wa Tandika:* Mwanangu kapata 22, lakini mwalimu kazungushia alama zote za sawasawa. Kaandika 9 − 5 = 4 × 6 = 24 = 40 − 24 = 16 + 6 = 22. Kaonewa?

Hajaonewa, mama. Usome kwa sauti: anadai 9 − 5 ni sawasawa na 24, na 24 ni sawasawa na 22. Hesabu za kichwani ni sahihi, maandishi ndiyo yamekosea. Hata 48 ÷ 8 haionekani, 6 imetokea tu. Hapo hakuna hatua ya kuhesabu upya. Aandike kila hatua kwenye mstari wake, na sawasawa moja tu mwanzoni mwa mstari.