Jinsi ya kufupisha andiko la kitaalamu kuwa barua pepe ambayo bosi ataisoma

Wahandisi na maafisa wengi ninaofanya nao kazi hapa Mwanza hufupisha andiko kwa kupita sura kwa sura: sentensi mbili za utangulizi, mbili za mbinu, mbili za bajeti. Kinachotoka ni andiko lilelile limesinyaa, na ombi lenyewe linabaki mwishoni kama lilivyokuwa. Mimi huanza upande wa pili, kwa mtu atakayesaini.

Tuchukue mfano, ambao takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya somo. Kiwanda cha kusindika sangara kina boti nne zinazokusanya samaki visiwani Ukerewe. Mtaalamu wa ubora ameandika kurasa 38 akipendekeza boti zifungwe makasha yenye kuta za kuzuia joto, maana barafu inayeyuka kabla ya kufika mjini. Mkurugenzi anasoma barua zake kwenye simu, pengine akisubiri kivuko cha Kamanga.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaouomba, kwa sentensi moja

Usifungue andiko bado. Andika: nani, aidhinishe nini, kiasi gani, kabla ya lini. Kwetu ni hivi: Mkurugenzi aidhinishe Sh milioni 64 kwa boti nne kabla ya Ijumaa tarehe 30, siku ambayo bei ya fundi inaisha muda. Ukishindwa kuiandika sentensi hii, andiko lenyewe halijaiva, na ufupisho hautaliivisha. "Naomba maoni yako" si ombi la uamuzi. Barua ya namna hiyo hukaa wiki nzima bila jibu.

Hatua ya 2: Chambua kwa swali moja

Sasa pitia kurasa zote, na kwa kila jambo ujiulize: hili likibadilika, uamuzi utabadilika? Unene wa ukuta wa kasha, milimita 75, ukiwa 80 hakuna kitakachobadilika kwa Mkurugenzi. Unabaki kwenye andiko. Maelezo ya kwa nini kila kilo ya samaki hupewa kilo moja ya barafu nayo yanabaki huko, hata kama ndiyo sura uliyoipenda kuliko zote.

Viambatisho visome kwa makini zaidi ya sura kuu, kwa sababu huko ndiko mambo yasiyopendeza hufichwa. Kwenye andiko letu, kiambatisho cha tatu kinasema kuta hizo zinakula nafasi: boti ya tani 3 itabeba tani 2.5. Hilo linabadilisha uamuzi, maana msimu wa samaki wengi boti hujaa. Lazima liingie kwenye barua. Mkurugenzi akija kulisikia kwa nahodha baada ya kusaini, barua yako inayofuata ataisoma kwa jicho jingine.

Hatua ya 3: Geuza vipimo kuwa fedha, na uonyeshe njia

Andiko linasema kwenye jaribio samaki wanaoshushwa daraja wamepungua kutoka kilo 6 hadi kilo 2 kwa kila kilo 100. Ni kweli, lakini bosi hasaini kilo. Kiwanda kinapokea tani 80 kwa mwezi, kwa hiyo kilo 4 zinazookolewa katika kila 100 ni kilo 3,200. Kila kilo inayoshushwa daraja inapoteza Sh 4,000, hivyo kwa mwezi ni Sh milioni 12.8. Gawanya milioni 64 kwa hiyo, unapata miezi mitano.

Hatua ya 4: Linda masharti ya kila namba

Hapa ndipo ufupisho mwingi huharibika, tena bila mwandishi kukusudia kudanganya. Sentensi ya andiko ilikuwa: "Katika safari za Juni na Julai, boti moja ya majaribio ilishusha wastani hadi kilo 2 kwa kila 100." Mfupishaji mwenye haraka anaandika: "Makasha yanapunguza hasara kwa theluthi mbili." Hesabu ni sahihi. Ila boti moja imegeuka kuwa makasha yote, na miezi miwili yenye usiku wa baridi kidogo imegeuka kuwa mwaka mzima.

Ukitaka kugundua kosa hili, weka sentensi mbili bega kwa bega na utafute maneno yaliyodondoka: wastani, hadi, takriban, moja, msimu, iwapo. Kila lililodondoka, uliza kama lilikuwa limebeba mzigo. "Moja" hapa limebeba, hivyo linarudi. Kisha pima ombi lako dhidi ya hali mbaya: faida ikipungua kwa nusu kwenye joto la Septemba na Oktoba, fedha inarudi kwa miezi kumi badala ya mitano. Bosi anayeona umeshaifanya hesabu hiyo hana haja ya kukuita ofisini kuiuliza.

Hatua ya 5: Andika

Tumezoea kuanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Kwenye barua ya karatasi haina neno. Kwenye simu inameza ule mstari mmoja unaoonekana kabla barua haijafunguliwa. Salamu moja inatosha kubeba heshima, halafu ombi.

> Kichwa: Ombi la kibali: Sh milioni 64, makasha ya boti 4, jibu kabla ya Ijumaa tarehe 30
>
> Mkurugenzi, shikamoo.
>
> Naomba kibali cha Sh milioni 64 tufunge makasha ya kuzuia joto kwenye boti zetu nne za Ukerewe. Kwa hesabu za jaribio, fedha inarudi kwa takriban miezi mitano.
>
> Sasa kilo 6 katika kila 100 zinashushwa daraja kwa sababu barafu inayeyuka njiani. Boti moja tuliyoijaribu Juni na Julai ilifikia kilo 2. Kwa tani 80 za mwezi, tofauti ni Sh milioni 12.8.
>
> Mambo mawili ya kuzingatia: hatujajaribu miezi ya joto (faida ikiwa nusu, fedha inarudi kwa miezi kumi), na kila boti itabeba tani 2.5 badala ya 3, jambo litakalotubana msimu wa samaki wengi.
>
> Tukianza na boti mbili ni Sh milioni 32. Bei ya fundi inaisha Ijumaa.
>
> Jibu la "nne", "mbili" au "hapana" linatosha. Andiko limeambatishwa, hesabu ziko ukurasa wa 23.

Ule mstari wa boti mbili usiuweke kwa mazoea. Uweke tu kama kweli uko tayari kupewa nusu, kwa sababu bosi mwenye mashaka ataichagua.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kutuma

Tafuta kila namba ya barua kwenye faili unaloambatisha, si kwenye toleo lililobaki kwenye kompyuta yako. Bajeti hubadilika usiku wa mwisho, na milioni 64 ya barua kukutana na milioni 67 ya andiko kunatosha kusimamisha kila kitu. Jitumie barua hiyo uisome kwenye simu. Halafu mpe mtu wa uhasibu aisome mara moja na akuambie unaomba nini. Akianza kukueleza habari za barafu, rudi hatua ya 5.

Mkurugenzi akiuliza swali, jibu ndani ya mfululizo uleule wa barua, na ile hesabu ya ukurasa wa 23 iinakili kwenye jibu lako badala ya kumrudisha kwenye kiambatisho.